Mwezi wa 180

Na Hamisi Nduwimana

Tuwachukue walinzi wawili wa ghala, mmoja Gitega na mwingine Muyinga, wote wakilipwa faranga 200,000 kwa mwezi. Wa Gitega amechangiwa miaka 15 katika taasisi ya hifadhi ya jamii, INSS. Wa Muyinga amechangiwa miaka 14. Wakifika umri wa miaka 60, wa kwanza atapokea pensheni kila mwezi mpaka afe. Wa pili atapewa mkupuo mmoja, na hesabu yake na mfuko itakuwa imekwisha.

Kinachowatenga ni miezi 12 tu, na watu wengi ninaozungumza nao hawaijui habari hii mpaka wafike dirishani na makaratasi yao.

Mfuko wa pensheni si sanduku lenye jina lako ambamo fedha zako zinakungoja. Michango ya wanaofanya kazi leo ndiyo inayowalipa waliostaafu leo, na inayobaki huwekezwa. Kwa kanuni iliyotumika miaka mingi hapa Burundi, mfanyakazi wa sekta binafsi hukatwa asilimia 4 ya mshahara, naye mwajiri huongeza asilimia 6. Kwa mlinzi wetu hizo ni faranga 8,000 zake na 12,000 za mwajiri. Anachokipata kwa malipo hayo ni haki ya kulipwa uzeeni, na haki hiyo hupimwa kwa miezi iliyoandikishwa. Mlango wake hufunguka mwezi wa 180.

Mlinzi wa Gitega amefikisha miezi hiyo, basi pensheni yake ni asilimia 30 ya wastani wa mshahara wake wa miaka ya mwisho, yaani faranga 60,000 kwa mwezi. Kila mwaka unaozidi 15 unaongeza asilimia 2. Angefika miaka 25 angepata asilimia 50, yaani 100,000. Akifa, mjane wake anabaki na nusu ya pensheni hiyo.

Kwa yule wa Muyinga, wastani wa mshahara wa mwezi huzidishwa kwa miaka aliyochangia: 200,000 mara 14, sawa na 2,800,000. Ni fedha nyingi kuzishika kwa siku moja, na ninaelewa kwa nini mtu huzifurahia. Lakini mwenzake wa Gitega ataipita jumla hiyo kabla miaka minne haijatimia, na ataendelea kulipwa. Wa Muyinga akiishi mpaka miaka 75, zaidi ya miaka kumi ataipitisha bila faranga moja kutoka mfukoni humo.

Mara nyingi mwaka huo mmoja haupotei kwa uvivu wa mfanyakazi. Mwajiri humwandikisha mtu akiwa tayari amemfanyisha kazi miaka miwili, au hukata asilimia 4 kwenye mshahara na asiipeleke. Karatasi ya mshahara itaonyesha makato, lakini akaunti ya INSS haitaonyesha mwezi huo. Njia ya kujua ni kwenda na namba yako ya uandikishaji, kuomba orodha ya miezi iliyopokelewa, na kuilinganisha na karatasi zako. Fanya hivyo ungali kazini. Kampuni ikishafungwa, nani atakutolea ushahidi?

Msimamo wangu ni kwamba mzigo huu haupaswi kuwa wa mlinzi peke yake. Kila mwaka INSS ingempelekea mwanachama idadi ya miezi yake, hata kwa ujumbe wa simu, na miezi iliyopotea ingeonekana mapema, mwajiri akiwapo bado.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Sheria iliweka kiwango cha chini cha pensheni, asilimia 60 ya mshahara wa chini kabisa wa kisheria. Mshahara huo uliwekwa mwaka 1988: faranga 160 kwa siku Bujumbura na Gitega, 105 kwingineko, Muyinga ikiwemo. Hata tukitumia kile kikubwa na kuhesabu siku 30, tunapata 4,800, na asilimia 60 yake ni 2,880 kwa mwezi. Huwezi kumwambia mzee kwamba hiyo ni kinga. Kiwango hicho kitenganishwe na mshahara wa 1988, kifungwe kwenye bei za sokoni na kipitiwe kila mwaka, la sivyo pensheni ya 60,000 nayo itayeyuka vivyo hivyo mikononi mwa mwenyewe.

Mlinzi wa Muyinga, ikiwa kazi imemwishia kabla ya umri wa kustaafu, ana neno moja la kuuliza dirishani kabla hajapokea mkupuo: bima ya hiari. Aliyewahi kuandikishwa anaweza kujichangia mwenyewe baada ya kazi kukoma. Sehemu ya mwajiri itamwangukia yeye, hivyo kwa viwango vile ni faranga 20,000 kwa mwezi, 240,000 kwa miezi 12 inayomkosesha, ili apate 60,000 kila mwezi. Aulize masharti na muda wa kuomba mapema, kabla ya kutia saini.