MAHAKAMA YA DUNIA HAINA HATA MGAMBO MMOJA!

Ndugu msomaji, asikudanganye mtu kijiweni kwamba hati ya kukamatwa ni sawa na pingu. Tarehe 17 Machi 2023, Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, iliyoko The Hague, Uholanzi, ilitoa hati ya kumkamata Rais Vladimir Putin wa Urusi. Anatuhumiwa kuhamishia Urusi, kinyume cha sheria, watoto kutoka maeneo ya Ukraine yaliyotekwa.

Utauliza: Urusi si mwanachama, inamhusu nini? Mahakama hii hutazama pia kosa limetendeka ardhi ya nani. Wakati huo Ukraine ilikuwa haijajiunga, lakini ilikwisha kukubali kwa maandishi kwamba makosa ya ndani ya mipaka yake yachunguzwe. Tena kifungu cha 27 cha Mkataba wa Roma kinatamka kuwa urais si kinga. Karatasi, basi, ilikuwa safi. Kilichokosekana ni mkono.

Mahakama hiyo haina polisi, na haiwezi kuendesha kesi hadi hukumu bila mshitakiwa kuwepo. Inategemea nchi wanachama zimkamate. Septemba 2024 Putin alitua Mongolia, nchi mwanachama tangu 2002. Badala ya pingu alipewa gwaride! Mongolia imebanwa kati ya Urusi na China, na karibu mafuta yake yote huyanunua Urusi. Wewe ungemkamata anayeshika bomba lako? Oktoba 2024 majaji walitamka kwamba Mongolia imevunja wajibu wake, wakaipeleka kwa wanachama wenzake. Ikaishia kukemewa.

Lakini si kwamba hati ni takataka. Agosti 2023 wakuu wa BRICS walipokutana Johannesburg, Putin alibaki kwao akazungumza kwa video. Afrika Kusini ilikuwa na kidonda cha mwaka 2015, pale serikali yake ilipomwacha Omar al-Bashir wa Sudan aondoke wakati mahakama ya huko huko imeamuru asitoke. Serikali inayoogopa majaji wake wenyewe hufikiri mara mbili.

Shina la uozo liko juu zaidi. Kosa la kuanzisha vita vya uvamizi haliwezi kumpata raia wa nchi isiyo mwanachama, mpaka Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lipeleke shauri. Ndani ya Baraza hilo Urusi ina kura ya turufu, sawa na Marekani na China, ambazo nazo si wanachama wa mahakama. Yaani mtuhumiwa ndiye kashika ufunguo wa mlango wa mahakama!

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, ukisikia kigogo katolewa hati, usishangilie upesi. Uliza kwanza: atatua nchi gani, na nchi hiyo inamtegemea kwa lipi?