Jirani Hajui Kuigiza, au Wewe Ndiye Unapiga Kelele?

Kuna sentensi moja ambayo nimeisikia kwenye seti nyingi za filamu fupi: “Watu wa mtaa hawawezi kuigiza, bana.” Husemwa saa kumi jioni, jua likianza kushuka upande wa Ngong, na anayeisema ni mwongozaji ambaye tangu asubuhi amekuwa akimpigia kelele mama wa watu. Mama alikuja akiwa na uso wake na sauti yake, na sasa amesimama kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nasema hivi: mama hakushindwa. Alishindishwa.

Ushahidi kwamba mtu asiye mwigizaji anaweza kubeba filamu nzima tunao. Lamberto Maggiorani alikuwa mfanyakazi wa kiwandani Vittorio De Sica alipompa nafasi kuu katika Wezi wa Baiskeli mwaka 1948. Hapa kwetu, Hawa Essuman alitengeneza Soul Boy Kibera, ikatoka mwaka 2010, na vijana wa Kibera kwenyewe ndio walioongoza hadithi. Kwa hiyo tusibishane kama inawezekana. Tubishane kuhusu kinachoiharibu.

Kinachoiharibu kwanza ni skripti. Unamwendea jirani jioni, unampa kurasa tatu, unamwambia, “Nenda ushike, tunashuti Jumamosi.” Kwani unamtahini? Wengi wetu Kenya uigizaji tuliujua kwenye tamasha za drama za shule, ambako ilibidi sauti ifike mpaka nyuma ya ukumbi na mkono upae kila ukitaja mbingu. Mpe mtu maneno ya kukariri na ataenda moja kwa moja kule: kifua mbele, macho juu, Kiswahili cha mtihani. Mama ambaye kila siku humuuliza mteja, “Mingapi leo?” atakuambia, “Je, ungependa kununua mitungi mingapi?” Hakuna mtu Kitengela anayeuliza hivyo. Umemnyang'anya lugha yake, halafu unashangaa hana sauti.

Wacha nieleze tulivyofanya sisi, maana maneno matupu hayajazi mtungi. Filamu yetu ni ya dakika tisa. Mama anauza maji kwenye ploti, karibu na barabara ya Namanga. Kijana wa boda boda ana deni la wiki mbili na amekuja tena na mitungi miwili. Mama lazima amnyime. Huyo mama ni jirani yangu, na kazi yake ni hiyo hiyo ya kuuza maji. Kijana naye ni boda boda kweli, ila kwenye maisha halisi hadaiwi, na alitaka jambo hilo lijulikane.

Zoezi la kwanza halikuwa na karatasi. Tuliketi kwenye benchi lake, nikamsimulia hali ilivyo, kisha nikauliza, “Mama, huyu akija hivi, wewe unamwambiaje?” Simu yangu ilikuwa inarekodi, na nilimwambia kwamba inarekodi. Hakusema hata neno moja la yale niliyoandika. Mimi nilikuwa nimempa hotuba kuhusu ugumu wa maisha. Yeye alisema tu, “Weka hiyo mitungi kando kwanza, tuongee.” Basi. Kijana akishaambiwa aweke mitungi kando ameshajua. Usiku huo nilifuta hotuba na kuandika mazungumzo upya kutokana na rekodi. Hakuhitaji kukariri kitu, maana yalikuwa maneno yake mwenyewe.

Zoezi la pili lilikuwa palepale bombani, kamera ikiwa imesimama kwenye miguu yake lakini imezimwa. Hapa ndipo waongozaji wengi huanza kuzoeza hisia: “Mama, sikia uchungu.” Uchungu hauzoezwi. Kinachozoezwa ni mikono na miguu: anatoka wapi, anashika nini, anamaliza lini. Mtungi wa plastiki wa lita 20, ule wa njano uliokuwa wa mafuta ya kupikia, kwenye bomba lake hujaa kwa muda wa dakika moja hivi. Dakika hiyo ndiyo iliyokuwa saa yetu. Wakati kijana anajitetea, mama anamjazia mteja mwingine mtungi, na lazima afunge bomba kabla maji hayajamwagika, kwa sababu maji ni pesa. Hana nafasi ya kufikiria uso wake ukoje.

Nikagundua kitu ambacho nisingekiandika hata ningekaa mezani mwaka mzima. Haangalii mtungi. Maji yakianza kuingia yanagonga plastiki tupu kwa sauti nzito, na kadiri mtungi unavyojaa sauti inapanda, inakuwa nyembamba, mpaka karibu na mdomo inafanana na mluzi. Yeye anafunga bomba kwa kusikia, macho yakiwa bado kwa kijana. Mwigizaji wa kukodiwa, hata awe hodari namna gani, angechungulia.

Fundi wetu wa sauti alitaka tuingize mpira wa maji mpaka chini ya mtungi ili kelele ipungue na maneno yasikike. Ni ushauri mzuri, na kwenye filamu nyingine ningekubali. Lakini mpira ukifika chini, sauti inafifia, na mama analazimika kuinama kuangalia. Tungeokoa sauti na kupoteza mtu. Tulimbana maikrofoni ndogo ndani ya leso, karibu na kifua, tukaacha maji yapige kelele yake.

Zoezi la tatu tuliwasha kamera na watu wote walikuwa mahali pao, si kwa ajili ya kupata picha, ila mama azoee lile jicho la kioo na huyo kijana mwenye vipokea sauti masikioni. Alipoacha kuviangalia, tukakoma. Zoezi likizidi hapo mtu anaanza kujiiga mwenyewe.

Sasa tuje kwa kelele. “Kimya! Kamera! Ekshen!” Nani alituambia lazima? Mwigizaji wa kulipwa amezoea. Kwa jirani yako, mtu mzima akipiga kelele ghafla na kila mtu akanyamaza, maana yake kuna ajali au mwizi. Mwili unakaza. Halafu unamwambia, “Mama, kaa tu kawaida.” Ukawaida gani, na umemshtua?

Sisi kamera iliwaka wakati mama bado anapanga mitungi. Mwenye kamera aliinua kidole, nami nikasema kwa sauti ya chini, “Mama, ukiwa tayari.” Alianza alipotaka. Kile kibao cha kugonganisha hatukukigonga mbele ya uso wake. Tulikigonga mwishoni kikiwa kichwa chini miguu juu, ili mhariri ajue kwamba alama hiyo ni ya mwisho wa teki, si mwanzo. Ni desturi ya zamani ya watu wa filamu na haigharimu hata shilingi. Watu waliosimama karibu na bomba walikuwa wanne tu. Watoto wa ploti, ambao kwa kawaida hufukuzwa kama kuku, walikuwa na dada yangu upande wa pili wa ukuta, kila mmoja akiwa na kazi ya kusikiliza na kuripoti trela zinazopita barabarani. Wakawa walinzi wetu wa sauti.

Kati ya teki nilikuwa nasema kitu kimoja tu, na kiwe kitendo. Si “ongeza hasira.” Nilimwambia, “Safari hii usimpokee mtungi mkononi.” Nilimnong'oneza yeye peke yake, ili kijana akutane na jambo hilo likitokea. Na sikumtamkia maneno yake hata mara moja. Ukimtamkia mtu namna ya kusema, atakuiga wewe, na kwenye skrini utajisikia mwenyewe ndani ya mdomo wa mama wa watu. Dalili ya mambo kuharibika ni rahisi kuiona: akimaliza neno, macho yanakukimbilia wewe kuuliza kama amepita. Ukiona hivyo, usirudie. Simama, kunywa chai. Teki iliyoingia kwenye filamu yetu ni ya tatu. Tulipiga sita, na ya sita ilikuwa imekufa kabisa, hata kijana alijua.

Kuna jambo hili la kupata machozi kwa hila. Inasimuliwa kwamba De Sica, ili mtoto wake wa filamu alie, alimsingizia kwamba anaokota vipisi vya sigara, na vipisi vyenyewe walikuwa wamemtilia mfukoni. Watu husimulia kisa hicho wakicheka, kama ufundi. Mimi sicheki. Mimi kesho asubuhi nitapanga foleni kwenye bomba la huyu mama nikiwa na mtungi wangu. Nikimdanganya ili nipate chozi lake, ploti nzima itajua kabla ya saa sita. Vilevile tulimlipa, si asante tu: malipo ya siku, pamoja na yale ambayo angeuza asubuhi ile bomba likiwa mikononi mwetu.

Sehemu ya mwisho ilikuwa Kajiado mjini, ambako kijana anakwenda kwa mzee wa ukoo kuomba mbuzi auze alipe deni. Mzee tuliyempata ni mfugaji kweli. Mtu wa umri wangu hamwambii mzee kama huyo “rudia” mbele ya watu. Nilikuwa natembea mpaka alipo, naketi kando yake, naongea chini chini, na yeye ndiye anayetangaza, “Haya, tuanze tena.” Nilimwomba aongee Kimaasai, maana mzee akimkemea kijana wa nyumbani hatafuti Kiswahili kwanza. Maandishi chini ya skrini yatafanya kazi yake.

Tulikwama kwenye bei. Skripti ilisema amwachilie mbuzi dume kwa shilingi elfu nne. Mzee akaweka fimbo chini akakataa. Si kwamba hakuelewa kuwa ni hadithi. Alielewa vizuri sana, ndiyo maana aliuliza, “Hii itaonyeshwa watu wa hapa?” Nikasema ndiyo. “Basi watasema mimi huuza dume elfu nne.” Msaidizi wangu akaanza kumweleza kwamba ni maigizo tu, nikamwomba anyamaze. Mzee alikuwa anatuambia mhusika wake ni nani. Tukaketi tena, nikamwuliza yeye angefanyaje. Akasema hangeuza. Angempa kijana huyo mbuzi bure, kisha amwambie maneno ambayo yangemfanya atamani angelipishwa.

Tukawasha kamera.