"Situmi" si "kwaheri"

Wasee, uliza vijana kumi hapa Kitale: mmeanza kuchati na mtu juzi, leo usiku anakuomba picha ya uchi, utafanya nini? Nusu watasema "blok". Wengine watasema "tuma, bora uso usionekane." Mimi nagombana na wote.

Nianze na hawa wa uso. Kitanda chako kina uso. Pazia la sebuleni kwenu lina uso, na hilo kovu la goti pia. Tena picha inatoka kwa namba yako, chini ya jina lako. Ile ya WhatsApp ya kutazamwa mara moja tu inazuia skrinshoti, ndio, lakini haizuii mtu kushika simu ya pili na kupiga picha kioo cha ile ya kwanza. Na kutoka Bungoma hadi Kitale ni Webuye, Kamukuywa, Kiminini, umefika. Kila mtu ana binamu pande zote mbili. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, kifungu cha 37, inampa anayesambaza picha ya siri ya mtu faini ya hadi shilingi 200,000 au jela hadi miaka 2, au zote. Poa. Lakini hiyo inakuja baada ya picha kuzunguka, na haiirudishi.

Sasa wa blok. Hamjakosea, hakuna mtu ana deni la chati na mtu. Shida ni hii: msichana akimpenda huyo jamaa hatamblok, hata umwambie mara mia. Na kama blok ndilo neno pekee ulilomfundisha, usiku huo atabaki bila neno. Ataanza visingizio, na visingizio ndivyo vinaishia kwa kutuma.

Najua kwa sababu nilivitumia. Jamaa mmoja aliniomba, nikamwambia kamera ya mbele imepasuka. Akasema tumia ya nyuma. Nikasema niko na kazini kwa chumba. "Akilala je?" Unaona? Kila kisingizio ni shida unampa atatue, na akizimaliza zote unabaki na deni ambalo wewe mwenyewe ulikubali. "Bado hatujajuana" ni mbaya hata zaidi, hiyo umempa tarehe.

Mwaka huu kuna mwingine, wa Kanduyi, tulikutana kwa harusi. Siku nne za chati tamu kabisa, mpira, nauli, duka la mamake. Ya tano, saa nne usiku: "Nitumie kapicha basi. Ile yangu pekee yangu." Nikaandika:

"Hapana, picha za hivyo situmi, kwa mtu yeyote. Sijakasirika. Mathe hufungua duka saa ngapi kwani?"

Hakuna sababu hapo ya kubishania. "Kwa mtu yeyote" inamwambia si yeye ndiye amekataliwa, na pia hakuna cheo atapanda ndio apewe. Na lile swali la duka ni mlango, akitaka kutoka kwa aibu yake apitie hapo. Sikuweka emoji ya kucheka, kwa sababu ukicheka anasoma "endelea kuomba."

Akanyamaza dakika kumi na moja (nilihesabu, usinicheke). Kisha: "Sawa. Pole kwa kuuliza. Saa kumi na mbili asubuhi, na mimi ndio hubeba mikate." Tukaendelea. Bado tunaendelea.

Angejibu "kwani huniamini?" au "wengine hutuma", ningerudia maneno yale yale, bila kuongeza hata moja. Ukiongeza maelezo umefungua kesi upya. Akiomba mara ya tatu, au aseme basi ataenda, mwache aende. Hapo hata mimi nablok, na silali nikijiuliza kama nilimhukumu vibaya, kwa sababu nilimsikia "hapana" ikimfikia mara mbili na akaikanyaga.

Mahali moja tu nakubaliana na kambi ya blok bila mjadala. Kama uko chini ya miaka 18 na anayeomba ni mtu mzima, usimwulizie duka la mtu. Weka skrinshoti ya maneno yake, ondoka, onyesha mtu mkubwa unayemwamini. Kifungu cha 24 cha sheria hiyo hiyo kinafanya hata kuwa na picha ya ngono ya mtoto kwenye simu kuwa kosa, na huyo mtu anajua hivyo vizuri. Ndio maana anakuambia ufute chati.