Kunyamaza na kuficha ni mambo mawili

SAFU YA ALHAMISI
Na Mwanaidi Shomari

Msomaji mmoja kanionyesha barua anayotaka kumpelekea aliyemuuzia apatimenti kwenye ghorofa la zamani, Kariakoo. Alishahamia na familia. Bafu la jirani wa juu likavuja, dari ya jipsamu ikaloa na kudondoka, na ndipo akaona slabu ilivyo: zege limebanduka, nondo zimeliwa na kutu.

Nondo ikishika kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Dalili zake ni ufa mrefu unaofuata mstari wa nondo na madoa ya rangi ya kutu. Kupaka rangi hakulitibu tatizo hilo. Na kwa mji ambao Novemba 16, 2024 ulishuhudia ghorofa la Kariakoo likiporomoka na kuua watu zaidi ya 20, hofu ya msomaji huyu si ya kupuuzwa.

Lakini barua yake imejaa “umenidhulumu” na “Mungu anakuona”. Nimemwambia aiandike upya.

Sheria ya Mikataba, kifungu cha 17, inasema kunyamaza tu kwa kawaida si udanganyifu, isipokuwa pale mtu anapowajibika kusema. Kuficha jambo kwa kitendo, huku ukilijua, ndiko udanganyifu. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu kifungu cha 19 kinampa muuzaji aliyenyamaza njia ya kuponea: kama mnunuzi angeweza kuligundua tatizo kwa uangalifu wa kawaida, basi mkataba haubatilishwi. Aliyeziba makusudi hana nafasi hiyo.

Kwa hiyo swali la barua ni moja: jipsamu ile iliwekwa lini, na nani, na wakati huo slabu ilikuwaje? Jirani wa juu anajua alianza kulalamikiwa lini kuhusu bafu lake. Fundi aliyefunga dari aliiona slabu kwa macho yake. Maelezo yao yaandikwe, pamoja na tarehe ya mauzo na tarehe dari ilipodondoka. Picha zipigwe kabla hakijaguswa kitu, na mhandisi aliyesajiliwa aandike ripoti. Ukikarabati kwanza, umefuta ushahidi wako mwenyewe.

Kisha barua itaje unachotaka: kurudisha nyumba na kurejeshewa fedha, au kubaki nayo na kulipwa gharama ya matengenezo. Weka muda wa kujibu, tuseme siku 14, na mpokeaji asaini nakala yako.

Nakala ya ripoti ya mhandisi ipelekwe pia Halmashauri ya Jiji na kwa wakazi wenzako. Fedha ni ugomvi wa mnunuzi na muuzaji. Slabu mbovu ni hatari kwa kila anayelala katika jengo hilo, nao wana haki ya kujua leo, kabla kesi haijafunguliwa.