Kifurushi cha familia: Usajili ni mrefu, wanaoingia uwanjani ni wachache

Siku ya dabi ya Kariakoo, Segera inakuwa na kazi mbili. Mabasi yanayotoka Dar es Salaam yanafika njia panda, mengine yanakata kwenda Tanga, mengine yananyoosha kwenda Korogwe, Moshi na Arusha. Abiria wanashuka kununua machungwa huku jicho moja likiwa kwenye simu. Makonda, mama ntilie na vijana wa bodaboda nao wanataka jambo hilohilo: kuona mpira.

Zamani wote hao walikuwa wa kibanda umiza. Leo familia nyingi zinachanga na kulipia kifurushi kimoja cha kutazama kwa intaneti, kinachoitwa cha familia. Na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Kifurushi kimelipiwa, bando lipo, mtandao unasoma, lakini dakika ya 20 ya mchezo mtu anaandikiwa kwamba watazamaji wamezidi. Anampigia baba simu akilalamika kwamba ameibiwa. Hajaibiwa. Amechanganya namba mbili ambazo kila shabiki anayelipia huduma hizi anapaswa kuzitofautisha.

Namba ya kwanza ni idadi ya vifaa vinavyoruhusiwa kusajiliwa kwenye akaunti. Namba ya pili ni idadi ya skrini zinazoweza kuonyesha kwa wakati mmoja. Kwa lugha ya mpira, ya kwanza ni orodha ya usajili wa klabu, ya pili ni wachezaji walio uwanjani. Kocha anaweza kuwa na majina mengi kwenye orodha, lakini refa atahesabu 11 tu ndani ya mistari. Wa 12 akitaka kuingia, lazima mmoja atoke kwanza.

Mifano ipo wazi. Showmax ya miaka iliyopita iliruhusu kusajili vifaa vitano, lakini viwili tu ndivyo vilivyotazama kwa wakati mmoja. Ilipokuja na kifurushi cha Ligi Kuu ya England mwaka 2024, kilikuwa cha simu tu na skrini ilikuwa moja. Netflix nao hugawa kwa skrini: kifurushi cha chini moja, cha kati mbili, cha juu nne. Machi 2022, MultiChoice ilitangaza kwamba watazamaji wa DStv kwa njia ya intaneti wangebaki na skrini moja kwa wakati mmoja, lengo likiwa kuzuia watu kugawana neno la siri na watu wasiolipa.

Mtu wa tamthilia anaweza kuishi na skrini mbili mwaka mzima asijue kama kuna kikomo. Mama anatazama asubuhi, watoto jioni, baba usiku wa manane. Hawakutani. Shabiki wa mpira hana bahati hiyo, kwa sababu Yanga na Simba hawachezi mara tatu kwa siku ili kila mwanafamilia apate zamu. Wote wanataka dakika 90 zilezile. Ndiyo maana kikomo hiki kinamuuma mtu wa mpira kuliko mtu mwingine yeyote.

Tuchukue familia moja ya mfano pale Segera, yenye kifurushi cha vifaa vitano na skrini mbili. Vilivyosajiliwa ni televisheni ya sebuleni, simu ya baba, simu ya kaka mkubwa ambaye ni konda wa basi, simu ya dada anayefanya kazi Korogwe na simu ya mdogo wao anayesoma Tanga. Vitano vimetimia na kila mtu anaamini ana nafasi yake.

Mpira unaanza saa 11:00 jioni. Televisheni ya nyumbani imewashwa tangu saa 10:30. Hiyo ni skrini ya kwanza. Konda, basi likiwa limesimama stendi, anafungua simu yake. Hiyo ni ya pili. Saa 11:20 dada anatoka kazini Korogwe, anafungua, anakataliwa. Anapiga simu nyumbani.

"Shikamoo baba. Mbona huku inagoma?"

"Marahaba mwanangu. Hapa inaonyesha vizuri tu, labda mtandao wa huko."

Si mtandao. Dada ni mchezaji halali kwenye orodha ya usajili, lakini uwanja umejaa.

Saa 11:38 umeme unakatika Segera. Televisheni inazima ghafla. Baba anakimbilia simu yake, naye anakataliwa! Anashangaa, kwa sababu anahesabu kwamba sasa anayetazama ni konda peke yake. Hapa ndipo penye siri ambayo wengi hawaijui.

Kifaa kinapoanza kuonyesha, kinaomba kibali kwenye seva ya kampuni. Seva inakipa kibali na kuandika kwamba nafasi moja imechukuliwa. Kuanzia hapo kifaa kinatuma taarifa fupi kila baada ya muda, ni kama kusema "bado nipo". Mtazamaji akitoka kwa kurudi nyuma mpaka ukurasa wa mwanzo, kifaa kinaaga na nafasi inaachiwa. Lakini umeme ukikatika, kifaa hakiagi. Seva inaendelea kukihesabu mpaka ione kimya kimezidi muda iliojiwekea. Huduma nyingine husubiri dakika moja au mbili, nyingine husubiri zaidi. Ni sawa na mchezaji aliyepelekwa hospitali huku refa akiwa bado hajaruhusu mbadala wake aingie.

Tuseme baada ya dakika chache seva inaifuta televisheni. Nafasi imepatikana, lakini haikuwekewa jina la baba. Anayebonyeza kwanza ndiye anayeingia. Dada wa Korogwe, aliyekuwa anajaribu kila mara, anaiwahi. Mlipaji wa kifurushi anabaki nje na bao analisikia kwa kelele za stendi.

Kosa la pili la familia hii liko Tanga. Mdogo wao aliifuta simu yake yote wiki iliyopita ili iwe nyepesi. Akaweka upya aplikesheni, akaambiwa vifaa vimetimia. Analalamika kwamba simu ni ileile. Kwake ni ileile, kwa seva inaweza kuwa mpya, kwa sababu aplikesheni ikiwekwa upya mara nyingi hujipatia kitambulisho kipya. Jina la zamani linabaki kwenye orodha likikalia nafasi bila kucheza. Vivyo hivyo kwa anayetazama kwa kivinjari cha kompyuta kisha akafuta kumbukumbu zake zote.

Dawa ni kuingia kwenye sehemu ya akaunti, kutafuta orodha ya vifaa na kuondoa kile cha zamani. Ila kazi hiyo ifanywe katikati ya wiki. Baadhi ya huduma huweka kikomo cha mara ngapi mtu anaweza kuondoa kifaa ndani ya kipindi fulani, na aliyemaliza nafasi zake atasubiri. Dirisha la usajili halifunguliwi kwa sababu dabi imefika.

Ujumbe wenyewe unasaidia kujua tatizo ni lipi. Ukikataliwa wakati wa kuingia kwenye akaunti, au ukiambiwa uondoe kifaa, shida ni usajili. Ukiingia vizuri, ukaona ratiba na picha zote, halafu ukakataliwa baada ya kubonyeza mechi, shida ni skrini. Ikizunguka tu bila kukataa, hapo ndipo lawama ziende kwa mtandao.

Wengine hudhani majina yanayotengenezwa ndani ya akaunti, la baba, la mama na la watoto, ni nafasi za kutazama. Sivyo. Majina yale hutunza tu kila mtu ametazama nini na amefikia wapi. Akaunti inaweza kuwa na majina matano na skrini moja.

Sasa nani alaumiwe? Kuweka kikomo si dhambi. Mwaka 2021 Azam Media walisaini na TFF mkataba wa miaka 10 wa Sh225.6 bilioni kwa haki za kuonyesha Ligi Kuu Bara, na fedha hizo ndizo zinazogawiwa klabu, Coastal Union ya Tanga ikiwemo. Akaunti moja ikitumika na mtaa mzima, klabu ndiyo inayokosa. Tena kifurushi cha familia ni cha nyumbani. Mwenye mgahawa au banda anayekitumia kuonyesha wateja anavunja masharti, hata kama skrini ni moja.

Lakini kuna lawama inayowahusu wauzaji wa huduma hizi kwa ujumla. Neno "familia" likiandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo, namba ya skrini nayo iandikwe kwa herufi hizohizo. Kumwambia mtu "tazama kwenye vifaa vitano" bila kumwambia ni viwili tu kwa wakati mmoja ni kumuuzia orodha ya usajili akidhani ni kikosi cha kwanza. Na yule anayelipa angepaswa kupewa uwezo wa kuona nani yuko uwanjani na kumtoa mmoja kwa kubonyeza mara moja. Baadhi ya huduma humruhusu kuviondoa vifaa vyote kwa pamoja, lakini hiyo ni sawa na kutoa kadi nyekundu kwa timu nzima ili kumpata mkosaji mmoja.

Wakati shabiki anasubiri hayo, familia ya Segera inaweza kujipanga. Siku isiyo na mechi wafungue video mbili kwenye vifaa viwili, kisha wajaribu cha tatu. Huduma nyingine humkataa anayeingia mwisho, nyingine humtoa aliyetangulia, na ni bora kulijua hilo Jumanne kuliko dakika ya 80. Nyumbani wote wakae mbele ya televisheni moja, maana watu kumi mbele yake ni skrini moja tu. Nafasi ya pili wakubaliane ni ya nani kabla ya mpira kuanza: kipindi cha kwanza konda, cha pili dada. Na anayetoka, atoke kwa kurudi nyuma mpaka ukurasa wa mwanzo, asiweke tu simu mfukoni.

Kabla ya kulipia kifurushi kingine, swali la shabiki lisiwe ni simu ngapi zinaingia. Aulize ni skrini ngapi zitaonyesha saa 11:00 jioni siku ya dabi. Kama jibu ni moja na watazamaji wako miji mitatu, basi mmoja ataona mpira na wawili watahadithiwa.