Mtoto aliyezaliwa mdogo: Pima urefu, usiishie kwenye kilo

Mtoto anapozaliwa na kilo mbili na kitu, wageni huja na maneno ya kumfariji mama: "Usijali, atakuwa tu." Kwa sehemu kubwa wanasema kweli. Lakini kuna watoto ambao neno hilo linawacheleweshea msaada, na mzazi anaweza kuwatambua akijua la kutazama.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Mtoto wa kilo 2.1 aliyezaliwa wiki ya 34 ni njiti, amewahi kuja, na kwa wiki zake uzito huo ni wa kawaida. Mtoto wa kilo 2.1 aliyezaliwa wiki ya 39 amekaa tumboni muda wote na bado akatoka mdogo. Huyu wa pili ndiye ninayemzungumzia leo. Ukiwapanga watoto 100 waliozaliwa wiki ileile, yeye yumo kati ya 10 walio wadogo zaidi. Mara nyingi ni kwa sababu kondo la nyuma halikumpa chakula cha kutosha: mama alikuwa na shinikizo la damu, malaria ilishambulia kondo, walikuwa mapacha, au tatizo liko kwa mtoto mwenyewe. Wengine ni wadogo kwa sababu tu wazazi wao ni wadogo, nao hawana ugonjwa wowote.

Je, watafikia wenzao kwa urefu? Kati ya watoto 10 waliozaliwa hivi, karibu 9 huingia kwenye urefu wa kawaida kabla ya kutimiza miaka miwili, na sehemu kubwa ya mbio hizo hukimbiwa katika miezi 6 hadi 12 ya mwanzo. Aliyebaki nyuma akiwa na miaka miwili ana uwezekano mkubwa wa kubaki mfupi hata ukubwani. Kwa hiyo "subiri, atakuwa" ni jibu zuri kwa mtoto wa miezi minne. Kwa mtoto wa miaka mitatu ni jibu baya.

Chukua mfano wa binti aliyezaliwa wiki ya 39 akiwa na kilo 2.1 na urefu wa sentimita 44. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kina mstari wa chini ambao watoto wachache sana wenye afya huwa chini yake. Kwa msichana anayezaliwa, mstari huo upo sentimita 45.4, kwa hiyo binti yetu alianza akiwa chini yake. Miezi mitatu baadaye ana sentimita 55, na mstari upo 55.6, bado yuko chini, ila pengo limepungua. Miezi sita ana 62, mstari upo 61.2. Amevuka! Mwaka mmoja ana 71 dhidi ya 68.9, na miaka miwili ana 83 dhidi ya 80. Huenda bado ni mfupi kuliko mtoto wa jirani, lakini yumo ndani ya kawaida na hahitaji dawa yoyote.

Sasa mtazame kijana aliyezaliwa wiki hiyohiyo na kilo 2.2 na sentimita 44.5. Mama yake hakukosa kliniki hata mara moja. Akiwa na miaka miwili ana kilo 11, alama yake ipo kwenye rangi ya kijani, na mama anaambiwa mtoto anaendelea vizuri. Hakuna aliyempima urefu. Angepimwa, angekutwa na sentimita 79.5, wakati mstari wa chini kwa mvulana wa umri huo ni 81.7. Kilo zimekwenda, mifupa imebaki nyuma, na kadi ya uzito peke yake haiwezi kukuonyesha hilo. Ndiyo maana nasema bila kuficha kwamba kliniki zetu zinapima kilo kwa bidii na kusahau sentimita. Mama anayeona sehemu ya urefu kwenye kadi iko tupu ana haki ya kuomba ijazwe, hasa mtoto akiwa na miezi 3, 6, 12 na 24.

Lakini kupima kwenyewe kuwe kupima kweli. Futi ya fundi cherehani inayopindishwa juu ya mtoto anayerusha miguu haina maana, kwani kosa la sentimita mbili linatosha kumtoa mtoto juu ya mstari na kumweka chini. Kabla ya miaka miwili mtoto hulazwa kwenye ubao wa kupimia. Mtu mmoja anashika kichwa kiguse ubao wa juu, mwingine ananyoosha magoti na kusogeza kibao mpaka kwenye nyayo. Baada ya hapo anapimwa akiwa amesimama bila viatu. Usishtuke ukiona "amepungua" kidogo siku hiyo, maana mtoto huyohuyo akisimama hupungua kama sentimita 0.7. Na kama mtoto alizaliwa mdogo na pia njiti, umri wake uhesabiwe kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Huyu anaweza kuchukua hata miaka minne kufikia wenzake.

Kosa ninalolikuta mara nyingi majumbani ni kumnenepesha. Uji unajazwa mafuta na sukari, maziwa ya kopo yanaongezwa juu ya ya mama, na bibi ananunua dawa ya hamu ya kula. Havirefushi mifupa. Mtoto aliyezaliwa mdogo kisha akanenepa haraka hubeba hatari kubwa zaidi ya kisukari na shinikizo la damu ukubwani, kwa sababu mwili wake ulishazoea kuishi kwa kidogo. Mpe maziwa ya mama peke yake miezi sita, kisha chakula chenye mboga, maharage, yai, dagaa na matunda huku akiendelea kunyonya.

Yule kijana wa sentimita 79.5 afanyiwe nini? Daktari wa watoto aanze na mambo ya kawaida: anakula nini, anaharisha mara ngapi, kuna upungufu wa damu, tezi ya shingo inafanya kazi? Kudumaa kwa lishe duni na maradhi ya mara kwa mara ni jambo la kawaida kwetu, na mtoto aliyezaliwa mdogo halindwi nalo. Msichana mfupi achunguzwe pia ugonjwa wa Turner, unaotokana na kasoro ya kromosomu. Mtoto mwenye kichwa kikubwa kuliko mwili, anayekataa kula na ambaye upande mmoja wa mwili umepitwa na mwingine, afikiriwe ugonjwa wa Silver-Russell.

Hayo yakishaondolewa, ipo sindano ya homoni ya ukuaji. Marekani iliiruhusu kwa watoto hawa mwaka 2001 na Ulaya mwaka 2003, ambako huanzia umri wa miaka minne kwa aliyebaki mfupi sana. Huchomwa kila siku kwa miaka mingi, ni ghali, na huongeza sentimita kadhaa bila kumfanya mtoto wa wazazi wafupi kuwa mrefu. Familia nyingi zitaamua kuiacha, na si uamuzi wa kulaumiwa. Ila wauamue mtoto akiwa na miaka minne au mitano. Anayeletwa kwangu akiwa na miaka 14, sauti imeshabadilika na ncha za mifupa zinakaribia kufunga, nabaki na machache sana ya kumfanyia.