Etiketi ya asali isiseme «dawa ya magonjwa yote»

Kijana mmoja wa Kabare anauzisha asali Bukavu. Kwenye etiketi ameandika: «Asali safi 100%, dawa ya magonjwa yote.» Sisi tunaona maneno hayo hayamsaidii, kwani hata yule anayechanganya asali na maji ya sukari anaandika vilevile.

Mtu wa mjini anaogopa sukari. Akikuta asali imeganda chini ya chupa, anasema umemwibia. Kumbe asali nzuri nayo inaganda, zaidi kwenye baridi yetu ya milimani: glukozi yake inajitenga na kuwa chembechembe. Hadithi ya chupa ianzie hapo. Tungeandika hivi:

«Nyuki wetu wanatembelea maua ya mikaratusi ya Kabare. Tulivuna mwezi wa 7, kwenye mizinga 12. Asali hii ikiganda haijaharibika. Weka chupa ndani ya maji ya moto ambayo mkono unavumilia, itayeyuka polepole. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe.»

Wengine watasema onyo la mtoto linafukuza wateja. Hapana, mama anayesoma vile anajua muuzaji hamfichi kitu.

Lakini maneno hayaokoi asali mbaya. Masega ambayo nyuki hawajayafunika na nta yana maji mingi; ukiyavuna, asali inachacha, inatoa povu na kunuka kama kasiksi. Na ukipungukiwa, ukanunua asali ya jirani kwa kujazia chupa, basi ile «mizinga 12» uifute kwanza.